Vimulimuli machoni mwa mjamzito

"Mjamzito akiona ukungu au vimulimuli asihangaike, mtoto anavuta damu ya macho. Akijifungua yataisha."

Ujumbe huu unazunguka kwa sababu nusu yake ina ukweli. Wakati wa mimba mwili hushika maji zaidi, na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, huweza kuvimba kidogo. Macho hukauka pia. Basi maandishi yanafifia taratibu, kisha hali hurudi baada ya kujifungua. Ndiyo maana si vyema kuharakia miwani mipya kipindi hiki.

Vimulimuli ni habari nyingine. Tuseme mama wa wiki 34 ghafla anaona nukta zinazometameta, na kichwa kinamgonga. Mtoto havuti chochote. Huenda presha imepanda na kuathiri mishipa midogo ya macho na ubongo. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama miguu haijavimba, apimwe presha na protini kwenye mkojo. Presha ya 140/90 au zaidi, pamoja na dalili hizo, yaweza kuwa dalili za awali za kifafa cha mimba.

Hatari hiyo huweza kuja hata wiki kadhaa baada ya uzazi, kwa hiyo lile "akijifungua yataisha" ndilo linalonitia hofu zaidi. Ukiletewa ujumbe huu, tafadhali usiusambaze.