Kilovolti 80 si fotoni za 80 keV

Wiki iliyopita kijana wa mafunzo kwa vitendo ya eksirei alisimama mbele ya wenzake akasema, bila wasiwasi wowote: "Tukiweka 80 kVp, mashine inatoa mionzi ya 80 keV." Hakuna aliyepinga. Nimeisikia sentensi hiyo kwa wanafunzi, kwa mafundi, hata kwa watu wanaofundisha, na safari hii nimeona niandike, kwa sababu kosa hili linaharibu kila hesabu inayokuja baada yake.

Kilovolti, yaani kV, au kVp kwa kilele chake, ni za tyubu; keV ni nishati ya chembe moja. Zinaivuta elektroni kutoka kathodi hadi anodi, nayo inafika kwenye tungsteni, chuma cha anodi, ikiwa na nishati ya 80 keV. Hiyo ndiyo mali yote aliyonayo msafiri huyu. Anaitumiaje? Karibu yote inaishia kwenye joto, mgongano mdogo baada ya mgongano mdogo. Kati ya nishati inayoingia kwenye anodi, inayotoka kama eksirei haifiki hata asilimia moja, na ndiyo maana anodi inazungushwa na tyubu inahitaji kupozwa.

Hiyo sehemu ndogo inatoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mionzi ya breki, jina tulilolichukua kwa Wajerumani. Elektroni inapita karibu na kiini cha tungsteni, inavutwa, inakata kona, inapunguza mwendo, na nishati iliyopoteza inatoka kama fotoni, chembe moja ya mionzi. Ikipita mbali kidogo, inapoteza kidogo. Ikipita karibu sana, inapoteza nyingi. Kwa kuwa umbali unaweza kuwa wowote, fotoni nazo zinakuwa za nishati yoyote, mfululizo usio na pengo, mpaka kwenye ukomo mmoja: elektroni iliyotoa kila kitu kwa breki moja. Haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Ukiweka 80 kV, ukomo ni 80 keV. Wanafizikia Duane na Hunt walilionyesha hilo mwaka 1915, na kwa urefu wa wimbi fomula ni hii:

```
λmin (nm) = 1.24 / kV
```

Angalia kisichokuwemo humo. Hakuna mA za mkondo wa tyubu, hakuna sekunde, hakuna hata aina ya chuma cha anodi. Ukiongeza mA unapata fotoni nyingi zaidi za mchanganyiko uleule, na ukomo haujongei hata kidogo. Tena fotoni zinazofika ukomoni kabisa ni chache mno. Kule mwisho mchoro wa spektra, unaoonyesha idadi ya fotoni kwa kila nishati, unashuka mpaka sifuri. Kwa hiyo yule kijana aliita mwale mzima kwa jina la fotoni ambazo karibu hazimo.

Sikumjibu kwa mchoro. Nilimpeleka chumbani, tukafungua diafragma kidogo, tukaweka kipimadozi na vipande vya alumini. Bila alumini ya ziada, kwa 80 kVp, tulisoma maikrogrei 400. Tukaweka milimita 3 za alumini: 200. Nusu imekwisha. Nikamwambia akokotoe mwale wa 80 keV tupu ungefanya nini. Kwa nishati hiyo alumini inahitaji karibu milimita 13 kupunguza mionzi nusu, kwa hiyo baada ya milimita 3 tungesoma 340 hivi. Tofauti ya 340 na 200 si kosa la kifaa. Mwale unaokatwa nusu na milimita 3 unafanana, kwa kupenya, na fotoni za keV 34 hivi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vinapita juu yake haraka. Hiyo 34 si wastani wa fotoni. Kipimadozi kinapima dozi hewani, na hewa inazinyonya zaidi fotoni dhaifu, kwa hiyo jibu linavutwa chini. Wastani halisi wa fotoni za mwale kama huu uko juu zaidi, kwenye arobaini na kitu. Mimi mwenyewe nilichanganya hesabu hizo mbili kwa miaka. Vilevile ile pembetatu nzuri ya Kramers, mchoro wa spektra ya breki ninaouchora ubaoni, inayoshuka kwa mstari ulionyooka hadi ukomo, siiamini kikamilifu. Tungsteni yenyewe inanyonya sehemu ya mionzi kabla haijatoka, na chujio la alumini lililo mbele ya tyubu linafuta upande wa chini wote. Naichora kwa sababu inaonyesha ukomo vizuri, basi.

Njia ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu watu wanaiona kwenye mchoro, ile miiba miwili mitatu mirefu, wakadhani ndiyo mwale wenyewe, tena inasogea ukipandisha kV. Haisogei. Mistari hiyo ni alama ya chuma. Tungsteni inatoa 58.0 na 59.3 keV, na mingine karibu na 67, iwe umeweka 80 au 120. Kinachobadilika ni urefu wake na, muhimu zaidi, kuwepo kwake.

Maana mstari wa 59.3 hautokei ukiweka 60 kV. Wala 65. Wala 69. Wengi wanakataa hapa: "Lakini elektroni ina 65, na fotoni inataka 59 tu!" Fikiria daladala lililojaa. Abiria wa kiti cha mbele hawezi kuhamia kiti cha nyuma yake, kina mtu. Akitaka kuondoka kitini, ashuke kabisa. Elektroni ya ganda la K, ganda la ndani kabisa la atomu ya tungsteni, iko hivyohivyo: ganda la L linalofuata limejaa, kwa hiyo lazima itolewe nje ya atomu, na gharama ya kushuka huko ni 69.5 keV. Ikishatoka, elektroni ya L inarukia kiti kilichobaki wazi. Ya L imefungwa kwa 10.2 keV, na 69.5 ukitoa 10.2 unapata 59.3. Gharama ya kuanzisha ni 69.5, malipo ni 59.3. Chini ya gharama hiyo hakuna malipo, hakuna mstari.

Kwa hiyo picha ya mkono kwa 55 kV inapigwa kwa mionzi ya breki peke yake. Mistari ya ganda la L ipo, lakini iko kati ya 8 na 12 keV, na chujio la alumini linaimaliza kabla haijafika kwa mgonjwa. Hata kwa 80 kV, mistari ya K ni sehemu ndogo tu ya mwale. Kwa mamografia yenye anodi ya molibdenamu mambo ni mengine: mistari ya 17.5 na 19.6 keV inahitaji 20 tu kuanza, na pale ndiyo tunayoitafuta kwa makusudi.

Kijana bado alikuwa na swali, na lilikuwa zuri: labda mwale ni wa nishati moja, ila ni 34 badala ya 80? Nikampa kipande kingine cha milimita 3. Kama nishati ingekuwa moja, 200 ingekatwa nusu tena, tungesoma 100. Alikiweka, akapiga, akasoma 118. Kipande cha kwanza kilikuwa kimechukua fotoni dhaifu zaidi, na zilizobaki zilikuwa ngumu kukatika. Alirudia mara mbili akidhani amekosea kuweka.