Mbwa mzee, kichwa upande: jibu mara nyingi liko miguuni

Simu za namna hii hupigwa alfajiri. Mtu ameamka, amefungua mlango, amemkuta mbwa wake mzee amejibana ukutani, kichwa kimelala upande, macho yanarukaruka, na kando yake kuna povu alilotapika. Jana usiku alikula vizuri. Wengi huniambia ni kiharusi, wengine husema amepewa sumu, na baadhi wanakuwa wameshaamua moyoni kwamba leo ndiyo siku ya sindano ya mwisho.

Naomba sana uamuzi huo usifanywe asubuhi hiyo. Katika mbwa wazee, kinachoonekana kutisha kuliko vyote mara nyingi ndicho chenye mwisho mwema: hitilafu ya ghafla ya kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio, ambayo hatuijui chanzo chake na ambayo hupungua yenyewe. Lakini dalili hizohizo zinaweza kutoka kwenye ubongo, na huko habari ni nyingine. Kazi yangu ya kwanza ni kutenganisha mambo haya mawili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa mikono mitupu, sakafuni.

Nimchukue jike mmoja wa miaka 13, mwenye kilo 24, aliyeletwa amefungwa kwenye shuka. Kichwa kilikuwa kimeinama kushoto, na kila alipojaribu kusimama aliangukia kushoto. Macho yake yalikuwa yakiteleza polepole kwenda kushoto, kisha yanarudishwa kwa mruko wa haraka kwenda kulia. Nilihesabu miruko hiyo kwa sekunde 15 nikapata 22, yaani kama 88 kwa dakika.

Mruko huo una maelezo yake. Masikio mawili, hata mbwa akiwa ametulia tuli, hutuma ishara kwa ubongo muda wote, na zikiwa sawa ubongo unajua kichwa hakiendi popote. La kushoto likinyamaza ghafla, la kulia linabaki likisema peke yake, na ubongo unaelewa kwamba kichwa kinazunguka kwenda kulia. Basi unayasukuma macho polepole kushoto ili yasipoteze kinachotazamwa, yakifika mwisho yanarushwa kulia, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana mbwa anatapika: kwake yeye chumba kizima kinazunguka. Na ndiyo maana kichwa huinamia upande wa sikio bovu, huku mruko wa haraka wa macho ukikimbia upande wa pili.

Kwa jike huyu kila kitu kilikuwa kinaelekeza kushoto. Nilimgeuza taratibu chali nikatazama tena, macho yakaendelea kuruka kulia vilevile. Hilo lilinipa faraja kidogo. Macho yanayoruka juu na chini, au yanayobadili mwelekeo kila kichwa kinapobadilishwa mkao, hunifanya nishuku ubongo. Yanayoruka kwa mlalo, kulia na kushoto, au kwa kuzunguka kama saa, bila kubadili mwelekeo, yanaweza kutoka sikioni. Neno ni “yanaweza”, kwa sababu ugonjwa wa ubongo nao huweza kuleta miruko ya mlalo. Macho peke yake hayatoshi, na ndiyo sababu naenda miguuni.

Nilimwomba mwenye mbwa apige magoti mbele amshike kichwa, mimi nikapitisha mkono mmoja chini ya tumbo nikaubeba uzito wake. Kwa mkono wa pili nilikunja unyayo mmoja ili mgongo wake uguse sakafu, kisha nikauachia. Mbwa anayejua mguu wake uko wapi haukubali mkao huo hata nusu sekunde, anaugeuza papo hapo. Jike aliugeuza. Nikafanya mguu wa pili, wa tatu, wa nne, nikarudia kila mmoja mara tatu. Yote minne ilirudi upesi, ya kushoto sawasawa na ya kulia.

Kipimo hiki kina uzito kwa sababu ya njia ambazo ishara hupita. Habari za mguu kukunjika hupanda kwenye uti wa mgongo, zinapita ndani ya shina la ubongo, jirani kabisa na vituo vinavyopokea ishara za usawa, ndipo zifike juu. Dhara ndani ya shina la ubongo ni vigumu liguse vituo vya usawa likaiacha njia hiyo salama. Sikio, kwa upande wake, halipo kwenye barabara hiyo ya habari za miguu. Mbwa mwenye sikio bovu anapepesuka kama mlevi, lakini nguvu anazo na bado anajua kila unyayo ulipo.

Hapa ndipo wengi tunakosea, na mimi nilikosea vibaya mwanzoni mwa kazi. Nilimpima mbwa mmoja bila kumbeba. Alikuwa anapambana asianguke, hakuwa na nafasi ya kushughulikia unyayo uliokunjwa, nami nikaandika kwamba miguu ya upande mmoja haijibu. Nikaiambia familia ni ubongo. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alikuja, akaushika mwili wa mbwa vizuri, akarudia, na miguu yote ikajibu. Mbwa yule alikuwa saa chache tu mbali na sindano. Tangu siku hiyo sipimi unyayo kabla sijahisi uzito wa mbwa umekaa kwenye mkono wangu.

Baada ya miguu niliangalia akili. Jike aliitwa jina akasogeza sikio na kujaribu kugeuka. Alikuwa na hofu na kichefuchefu, lakini yupo. Mbwa mwenye dhara katika shina la ubongo mara nyingi amezubaa, unamwita kama unayemwita aliye mbali. Kisha uso: alipepesa macho yote mawili nilipogusa kope, mdomo haukuwa umelegea upande, mboni zilikuwa sawa. Neva ya uso na nyuzi zinazopanua mboni hupita karibu sana na sikio la kati, hivyo kulegea uso au mboni moja kuwa ndogo hakumaanishi lazima ubongo. Kunamaanisha kwamba hii si ile hitilafu isiyo na chanzo, na lazima nitafute maambukizi au uvimbe ndani ya sikio. Nilichungulia masikio yote mawili, ngoma zilikuwa safi na nzima.

Maswali mawili sikosi kuyauliza. Je, kuna dawa yoyote iliyowekwa sikioni hivi karibuni? Jentamisini, au klorheksidini ya kusafishia, ikipenya kwenye ngoma iliyotoboka huweza kuua kiungo chenyewe cha usawa. Na je, mbwa anatumia metronidazoli? Kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu dawa hiyo huleta dalili za ubongo zinazofanana na hizi, na kuisimamisha ndiko kunakomponya. Jike hakuwa na lolote kati ya hayo, na presha yake ilikuwa ya kawaida.

Nilimchoma sindano ya maropitanti, miligramu 1 kwa kila kilo, yaani miligramu 24, chini ya ngozi, mara moja kwa siku, ili kichefuchefu kipungue aweze kula. Nikamwongezea maji. Steroidi sikumpa, kwa kuwa haijaonekana kuharakisha kupona kwa hali hii. Nyumbani alilazwa mahali padogo penye zulia lisiloteleza, taa ikiachwa inawaka usiku, maana macho humsaidia pale sikio lilipomtupa. Nilisisitiza pia asibebwe juujuu na kuzungushwa: ukimwinua ghafla, dunia yake inapinduka upya.

Kisha tukasubiri, na kusubiri huku ni sehemu ya uchunguzi. Hitilafu isiyo na chanzo huwa mbaya kuliko wakati wote siku ya kwanza, na ndani ya saa 72 lazima uone inaanza kulegea. Siku ya tatu macho ya jike yalikuwa yametulia akiwa amekaa. Nilipomlaza chali yaliruka mara chache tu, yakaacha. Siku ya kumi alikuwa anatembea mwenyewe, akipinda kidogo kwenye kona. Kama angebaki vilevile siku ya nne, au mguu mmoja ungeanza kuburuzika, ningelifuta jibu langu na kuanza upya, kwa sababu ugonjwa wa ubongo unaweza kuanza kwa kujifanya wa sikio.

Mbwa wa pili ndiye anayenifanya niwe mkali kuhusu miguu. Dume wa miaka 11, kichwa kimeinama kulia, anaangukia kulia, macho yanaruka kushoto, akili timamu. Ukisoma kichwa na macho tu utasema ni sikio la kulia, hana tatizo kubwa. Lakini nilipokunja unyayo wa mbele wa kushoto, ulibaki umekunjwa. Nilihesabu sekunde tatu kabla hajaugeuza. Wa nyuma kushoto nao ulichelewa. Ya kulia ilirudi mara moja.

Kichwa kinasema kulia, miguu inasema kushoto. Zikigombana hivi, naiamini miguu. Ubongo mdogo, ule wa nyuma, kwa kawaida huvituliza vituo vya usawa vya upande wake. Ukiumia kushoto, vituo vya kushoto vinabaki bila wa kuvizuia, vinapiga kelele kuliko vya kulia, na mbwa anaonekana kana kwamba ni kulia ndiko kulikonyamaza. Kichwa kinainamia upande mzima. Hakuna ugonjwa wa sikio unaoweza kufanya hivyo.

Presha yake ilikuwa 190, na damu ilionyesha figo zimeanza kuchoka. Picha ya MRI, ambayo kwa mbwa inahitaji nusukaputi, ilionyesha sehemu ya ubongo mdogo wa kushoto imekosa damu. Kilikuwa kiharusi cha kweli. Mwenye mbwa aliniuliza, “Daktari, basi ndiyo imeisha?” Nilimwambia hapana. Kiharusi cha sehemu hii mara nyingi hupungua kwa wiki kadhaa, na tofauti na yule jike, huyu alikuwa na chanzo tunachoweza kukishika: presha na figo. Alianzishiwa dawa ya presha, na baada ya wiki tatu alikuwa anapanda ngazi mbili za mlangoni bila kusaidiwa. Kama picha ingeonyesha uvimbe, mazungumzo yetu yangekuwa mengine, na yangekuwa na msingi, si hofu ya alfajiri.

Jike naye bado ameinamisha kichwa kidogo kushoto, na pengine atabaki hivyo. Nilimwambia mwenye mbwa kwamba hali ile inaweza kurudi siku moja, upande uleule au wa pili, na kwamba ikirudi amshike tumbo, akunje unyayo mmoja mmoja, anipigie simu na kuniambia ni upi uliochelewa.