Madoa kwenye jani la mnyanya: ninavyoisoma picha

Mvua za mwaka zilipotulia, mama mmoja wa Shela, hapa Malindi, alinitumia picha ya jani la mnyanya lenye madoa meusi. "Mwanangu, ninyunyize dawa gani?" Sikumtajia dawa. Jani lililochumwa likawekwa mezani halionyeshi lilitoka sehemu gani ya mche, na hilo ndilo ninalotaka kulijua kwanza.

Nilimwomba picha nyingine: mche mzima, tunda, jani likimulikwa na jua kwa nyuma, na doa kubwa kuliko yote, sarafu ikiwa kando yake.

Mche mzima ulisema mengi. Majani ya chini yalikuwa ya manjano, mengine yamekauka yananing'inia, na ya juu mabichi kabisa. Ukungu wa bakajani tangulia, ambao wengi huuita blaiti, huishi kwenye mabaki ya mimea. Matone ya mvua yakipiga udongo huurusha kwenye majani ya chini, kisha hupanda. Maji ya chumvi ya visima vyetu nayo huunguza majani ya chini, lakini huanzia nchani na kingoni, hayatawanyi madoa katikati.

Kisha doa kubwa. Ndani yake mlikuwa na duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa, na nje umanjano. Madoa madogo hayakuwa na duara hizo, kwa sababu bado machanga. Ningeyatazama hayo peke yake ningeweza kudhani ni bakteria. Madoa ya bakteria hubaki madogo, ya milimita chache, mara nyingi yana pembe kwa kuzuiwa na mishipa ya jani, na yakiwa mapya huonekana kama yamelowa maji. Kwenye tunda huacha vigaga. Tunda la mama huyu lilikuwa na baka jeusi lililobonyea penye kikonyo, na jani lililomulikwa halikuonyesha ulowevu wowote. Vyote vikaelekea kwenye bakajani.

Hata hivyo, kuna ukungu mwingine unaotoa madoa yenye duara, na kwa picha siwezi kuutenga. Jani likifungwa kwenye mfuko pamoja na kitambaa kibichi kwa siku mbili, manyoya meusi juu ya doa huonyesha kwamba ni ukungu. Aina yake huhitaji hadubini.

Nilimwambia aondoe majani mabovu ya chini mche ukiwa mkavu, amwagilie shinani asubuhi, na atandaze nyasi kavu. Dawa ya ukungu hukinga majani mazima, haiponyi doa lililokwisha kutokea. Na kwa bakteria, nyingi kati ya dawa hizo hazifai kitu. Wiki ijayo atanitumia picha ya majani ya katikati, maana huko ndiko ugonjwa utakakopanda ukiwa bado unaendelea.