Modi siyo 20 jamani

Jana usiku mzazi kanitumia picha ya karatasi ya mwanawe, "Mwalimu, mtoto kakoseshwa bure, modi si ile namba kubwa kuliko zote?" Huyo ni wa nne mwezi huu, leo naandika moja kwa moja.

Swali nililitunga mwenyewe, na kwa kuwa tuko Tanga nikaweka baiskeli. Watoto wameuliza nyumba za Ngamiani, kila nyumba ina baiskeli ngapi. Kwenye piktogramu kuna picha za nyumba, na ufunguo chini unasema picha 1 = nyumba 4. Mstari wa baiskeli 0 una picha 2, wa baiskeli 1 una picha 5, wa 2 una tatu na nusu, wa 3 una moja na nusu. Zidisha kwa 4 unapata nyumba 8, 20, 14 na 6, jumla 48. Nusu picha ni nyumba 2, hapo sikai.

Sasa modi. Ile 20 ni nyumba bwana! Sisi tuliuliza baiskeli. Modi ni jibu lililotokea mara nyingi kuliko mengine, na hapa ni "baiskeli 1", na 20 ndiyo hizo mara zenyewe. Modi unaisoma pembeni ya mstari mrefu, huihesabu ndani yake. Na kama pembeni pangekuwa na embe, chungwa, nanasi, basi modi ingekuwa jina la tunda, wala wastani wa tunda ungeutafuta wapi?

Kwenye wastani ndo balaa, mtoto anachukua 48 anagawa kwa mistari 4 anapata 12, halafu hashtuki, nyumba gani Ngamiani ina baiskeli 12 kama siyo ya fundi? Fanya hivi: 0×8, 1×20, 2×14, 3×6, jumla baiskeli 66, gawa kwa nyumba 48, unapata 1.375. Zile nyumba 8 zisizo na baiskeli usizitupe, ukizitupa unagawa kwa 40 inakuja 1.65.

Kuna kitu huwa siwaambii darasani. Ukisahau ufunguo kabisa ukahesabu picha tupu, unapata 16.5 gawa kwa 12, ni 1.375 ileile, maana 4 iko juu na chini inakatika. Modi nayo haibadiliki. Kwa hiyo aliyepata majibu yote mawili anaweza kuwa hajausoma ufunguo hata kidogo, ndo maana siku hizi naanza na "nyumba ngapi zimeulizwa?", akisema 12 nishamjua.

Na ile picha ya nyumba iliyokatwa kwenye mstari wa baiskeli 2, kwenye fotokopi ya huyu mtoto inaonekana kama robo tatu. Nimeipima kwa rula bado sina uhakika. Ikiwa robo tatu, mstari ule ni nyumba 15 na wastani unakuwa kama 1.39, kwa hiyo kwenye wastani nitampa maksi kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. Ile 20 hapana.