Pesa moja si senti tatu: orodha ya bei ya mwenye duka, Unguja 1936

Tarehe 1 Januari 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia Zanzibar, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Kanga ya rupia 2 ikawa shilingi 3, hakuna ugomvi. Taabu ilikuwa kwenye vitu vidogo. Rupia ilikuwa na ana 16 na kila ana pesa 4, jumla pesa 64. Gawa senti 150 kwa 64, upate senti 2.34 kwa pesa moja.

Tumchukue mwenye duka wa kubuni, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, anayeandika upya orodha ya bei usiku kwa taa ya chemni.

Dhana: pesa moja ni kama senti 3, kwa hiyo zidisha tu.

Alianza hivyo. Mkewe akamuuliza, "Pesa 64 mara tatu ni ngapi?"

"Senti 192."

"Na rupia wanaibadilisha kwa senti ngapi?"

Akanyamaza, akafuta. Alikuwa amepandisha bei kwa zaidi ya robo bila kukusudia.

Ukweli: badili bei nzima kwanza, kisha ndipo uende kwenye senti iliyo karibu. Chumvi ya pesa 1 ni senti 2. Kibiriti cha pesa 2 ni 4.69, andika 5. Ratili ya sukari ya ana 2 ni 18.75, andika 19. Chupa ya mafuta ya taa ya ana 3 ni 28.1, andika 28. Jumla senti 54. Vyote pamoja ni pesa 23, ambazo kwa kiwango halisi ni senti 53.9. Kwa "senti tatu tatu" mteja angetoa 69.

Dhana: kupandisha hadi senti 5 iliyo karibu hakumuumizi mtu.

Mafuta yakipanda kutoka 28 hadi 30, mnunuzi huenda asihisi. Chumvi ikitoka 2 hadi 5 imepita maradufu, na anayenunua chumvi ya pesa moja ndiye asiye na akiba. Kikapu kilekile kinakuwa senti 60. (Mwenye duka angeweza kusema "hakuna chenji", lakini sarafu ya senti 1, yenye tundu katikati, ilikuwepo.)

Dhana: cha kubadilisha ni bei tu.

Fungu nalo hubadilika. Mkewe alikataa kuhangaika na senti 2. Akaamua fungu la chumvi liuzwe senti 5. Kwa haki ya kiwango, senti 5 ni pesa 2 na kidogo, kwa hiyo fungu jipya lilipaswa kuwa mawili ya zamani na kidogo cha nyongeza.

Asubuhi bibi mmoja alilitazama fungu, akalipima kiganjani.

"Haya mawili ya jana?"

"Mawili, bi mkubwa, na hiki kidogo cha juu."

Akatoa senti tano.