Kumnyoa mtoto upara: je, nywele hurudi nzito?

Mwanangu ana miezi mitano na kisogoni nywele zimeisha kabisa. Mama mkwe anasema nimnyoe kichwa chote ili ziote nzito. Nimnyoe? (Mama, Pasua, Moshi)

Hakuna haja, dada. Nywele anazozaliwa nazo mtoto ni za muda. Katika miezi ya mwanzo nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja, kisha hutoka. Na kwa kuwa mtoto hulala chali, za kisogoni husuguliwa na shuka, ndiyo maana huko ndiko huanza kuwa weupe. Mpya huota zenyewe, na huendelea kuwa nene kidogo kidogo hadi karibu miaka miwili.

Sasa angalia wembe unavyopata sifa isiyo yake. Tuseme unamnyoa akiwa na miezi sita. Nywele za kichwani hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo akitimiza mwaka atakuwa na kama sentimita 6 ukizivuta zinyooke. Nywele hizo ni za kizazi kipya, nene kuliko za kuzaliwa, na bibi atasema, "Si niliwaambia?" Lakini hata usingemnyoa zingekuja vilevile, kwa sababu ulikuwa ndio umri wake wa kubadilisha nywele.

Mbona wa kwanza wangu nilimnyoa, na kwa macho yangu zikarudi ngumu na nyeusi?

Ulichoona ni kweli, ila sababu yake ni ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa huishia kwa ncha nyembamba. Ukinyolewa, kinachobaki ni kisiki butu, kama bua la mahindi lililofyekwa, nacho hukwaruza kiganja. Tena nywele fupi husimama wima, na bado hazijapaushwa na jua na sabuni, hivyo huonekana nyeusi zaidi. Subiri zirefuke, utaona ni zilezile.

Wembe hukata sehemu ya nje tu, ambayo haina uhai. Unene na rangi huamuliwa kwenye shina, ndani ya ngozi, na idadi ya mashina hayo mtoto huzaliwa nayo. Mwaka 1970 watafiti wawili walichapisha jaribio dogo: wanaume watano walinyoa mguu mmoja kila wiki kwa miezi kadhaa, wa pili wakauacha. Unene na kasi ya kukua havikutofautiana.

Sisi tunanyoa siku ya saba kwa ajili ya akika. Nayo mnaikataza?

Hapana, hiyo ni ibada, haihusiani na kutafuta nywele nzito. Wembe uwe mpya, wa mtoto huyo peke yake, na anayenyoa aoshe mikono kwa sabuni. Juu ya utosi mfupa bado haujafunga, basi apitishe wembe bila kukandamiza. Akimaliza, mvalishe kofia. Kichanga hupoteza joto jingi kichwani, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai mnaijua.

Baada ya kunyolewa saluni hapa Ngarenaro, mwanangu wa miaka minne ametoka mabaka meupe ya duara. Nimekuwa nikimnyoa tena na tena na kumpaka krimu, hayaishi.

Hayo yanafanana na mashilingi, yaani fangasi ya kichwani, na mashine ya kunyolea inayopita kichwa hadi kichwa ni njia yake mojawapo. Tazama kwa karibu penye mwanga: ngozi inatoa magamba, nywele zimekatikia chini zikaacha vidoti vyeusi, na ukipapasa nyuma ya shingo unakuta mitoki. Dalili hizo zikiwa pamoja, usiendelee kununua krimu. Fangasi hii imejificha ndani ya shina la unywele, krimu haifiki huko, na wembe haufiki pia. Humezwa dawa, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, kipimo kikipangwa kwa uzito wa mtoto. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au parachichi, ndipo inyonywe vizuri. Wengi huacha wiki ya tatu magamba yakipungua, kisha yanarudi.

Wakague na ndugu zake, na kila mmoja awe na kitana na kofia yake. Pakijitokeza uvimbe laini unaotoa usaha, usiutumbue wala usingoje, kwa sababu ukiachwa unaweza kuua mashina na hapo nywele hazitaota tena. Mpeleke kituo cha afya, na wakiona inafaa watampa rufaa kwa daktari wa ngozi. Pale KCMC Moshi wapo.