Momenti kubwa kabisa haifuati katikati ya boriti

Nimesahihisha tena majibu ambamo mwanafunzi amekokotoa mijibizo ya maegemeo bila kosa, akachora mchoro wa kani ya mkato bila kosa, kisha akaenda moja kwa moja katikati ya boriti kutafuta momenti kubwa kabisa ya kupinda, kana kwamba mchoro alioumaliza punde hauna lolote la kumwambia. Imani hiyo hutokana na mifano ya mwanzo ya somo, ambayo mara nyingi huwa na mzigo uliosambaa sawasawa kutoka egemeo hadi egemeo. Katika mifano hiyo jibu la wL²/8 hupatikana katikati kwa sababu mzigo una ulinganifu. Ulinganifu ukiondoka, sababu hiyo nayo imeondoka.

Tuchukue boriti AB yenye urefu wa mita 8, ikiwa na egemeo la pini kwenye A na la rola kwenye B, na mzigo wa 10 kN/m uliosambaa kwenye mita 4 za kwanza kutoka A. Mzigo wote ni 40 kN na kitovu chake kiko mita 2 kutoka A. Tukichukua momenti kuzunguka A, mjibizo wa B ni 40 × 2 ÷ 8 = 10 kN, na A inabeba 30 kN zilizobaki.

Kani ya mkato huanza na 30 kN kwenye A na kupungua kwa 10 kN katika kila mita, hivyo hufika sifuri mita 3 kutoka A, huwa −10 kN kwenye mita ya 4, kisha hubaki hivyo hadi B, ambako mjibizo huirudisha sifuri. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Kani ya mkato ndiyo mteremko wa mchoro wa momenti, yaani dM/dx = V. Maadamu kani hiyo ni chanya, momenti inaendelea kupanda, na ikiwa hasi, momenti inashuka. Kwa hiyo kilele cha momenti katika boriti hii kiko mita 3 kutoka A, ambako thamani yake ni 30 × 3 − 10 × 3 × 1.5 = 45 kNm. Katikati, kwenye mita ya 4, tunapata 40 kNm tu. Aliyesanifu kwa 40 amepunguza momenti kwa sehemu moja ya tisa, na amekosea upande wa hatari.

Wapo pia wanaoamini kwamba kilele kiko chini ya kitovu cha mzigo. Kwenye mita ya 2 momenti ni 30 × 2 − 10 × 2 × 1, ambayo nayo ni 40 kNm. Kosa zito zaidi ni la anayeuondoa mzigo uliosambaa, akaweka 40 kN pale kitovuni, kisha akachora michoro kwa mzigo huo na kupata 60 kNm. Ubadilishaji huo ni halali tunapotafuta mijibizo, kwa kuwa hapo tunapima msawazo wa boriti nzima, lakini tukiikata boriti kwenye mita ya 2, upande wa kushoto una 20 kN peke yake.

Hesabu huhakikiwa kwa maeneo ya mchoro wa kani ya mkato. Pembetatu ya kwanza ina eneo la ½ × 3 × 30 = 45, ya pili inaondoa 5, na mstatili wa mwisho unaondoa 40, hivyo momenti inarudi sifuri kwenye B kama inavyopaswa. Umbo nalo lichunguzwe: parabola ya upande wa kushoto lazima iungane na mstari ulionyooka bila kona kwenye mita ya 4, kwa sababu kani ya mkato hairuki hapo. Ukiona kona, kuna kosa.

Hata hivyo, kanuni ya "tafuta mahali ambapo kani ya mkato ni sifuri" hainiridhishi kama inavyoandikwa kwa kawaida. Chini ya mzigo wa nukta kani hiyo huweza kuruka kutoka chanya hadi hasi bila kupitia sifuri, na kilele hukaa hapo hapo. Jozi ya kani huleta ugumu zaidi. Iondoe mizigo yote katika boriti yetu, kisha weka katikati jozi yenye momenti ya 40 kNm: mijibizo inakuwa 5 kN inayoelekea juu upande mmoja na 5 kN inayoelekea chini upande wa pili, kani ya mkato ina thamani ileile kutoka A hadi B bila kubadili alama, na bado momenti inaruka kwa 40 kNm katikati, ikiwa 20 kNm ya alama moja upande wa kushoto na 20 kNm ya alama ya pili upande wa kulia. Anayetafuta sifuri peke yake hataiona, kwa hiyo kila mahali penye jozi lazima papimwe pande zote mbili.